Sikio la mtoto linapouma usiku: lini usubiri, lini umpe antibiotiki, lini ukimbilie hospitali

Mafua yanapoingia mjini, maduka ya dawa kuanzia Likoni hadi Mtwapa husikia ombi moja: "Nipe dawa ya sikio." Mara nyingi muuzaji haulizi ni sikio la nani, limeanza kuuma lini, wala mtoto ana kilo ngapi. Anatoa chupa ya amoksilini ya maji, pengine na matone juu yake, na mama anarudi nyumbani moyo umetulia. Baada ya siku mbili mtoto anacheza uani, na chupa ile inasifiwa kwa majirani.

Wengi wa watoto hao wangepona hata bila ya chupa ile. Na yule mmoja aliyekuwa anaihitaji kwelikweli, mara nyingi amepewa kiasi kidogo mno, kwa siku chache mno. Kwa hivyo leo, ndugu msomaji, tutazungumzia namna ya kumjua yupi ni yupi, na dalili gani zikionekana hakuna tena kusubiri.

Tuanze na sikio lenyewe. Nyuma ya kiwambo cha sikio kuna chumba kidogo chenye hewa. Chumba hicho kina mrija mwembamba unaoteremka hadi nyuma ya pua, na kazi yake ni kuingiza hewa na kutoa majimaji. Kwa mtu mzima mrija huo ni mrefu na umeinama vizuri. Kwa mtoto mdogo ni mfupi na umelala. Akipata mafua, mrija huvimba na kuziba, majimaji hukwama mle ndani, na vijidudu vilivyokuwa puani hupanda na kuzaana humo. Usaha ukijaa, kiwambo husukumwa nje kama ngozi ya ngoma iliyovutwa kupita kiasi. Hapo ndipo mtoto huamka usiku analia ameshika sikio. Ndiyo sababu ugonjwa huu huwapata zaidi walio kati ya miezi 6 na miaka 2, na ndiyo sababu karibu kila mara huanza na mafua.

Mtoto mchanga hawezi kusema sikio linauma. Utaona hataki kunyonya, analia akilazwa, au analala vipande vipande. Kuvuta sikio peke yake si ushahidi, maana watoto huvuta masikio hata wakiwa na usingizi tu. Na hapa kwetu pwani homa ni homa: mtoto mwenye joto apimwe malaria pia, hata kama sikio linaonekana ndilo mkosaji.

Sasa, kwa nini daktari amwambie mama asubiri? Kwa sababu mwili wa mtoto una uwezo mkubwa wa kujitibu ugonjwa huu. Mtandao wa Cochrane, unaokusanya na kupima majaribio ya tiba, uliyaweka pamoja majaribio yaliyolinganisha watoto waliopewa antibiotiki na wale waliopewa dawa ya bandia isiyo na kitu. Katika saa 24 za kwanza antibiotiki haikupunguza maumivu hata kidogo. Zaidi ya nusu ya watoto wa pande zote mbili walikuwa wameshapata nafuu. Siku ya pili na ya tatu tofauti ilionekana, lakini ndogo: ilibidi watoto 20 wapewe dawa ili mmoja zaidi apone maumivu. Na katika kila watoto 14 waliopewa, mmoja alipata kuhara, kutapika au upele ambao asingeupata bila ya dawa.

Hesabu hiyo ndiyo kiini cha jambo. Antibiotiki si dawa ya maumivu. Usiku ule wa kwanza, anayemsaidia mtoto ni parasetamoli, na mzazi anayenunua antibiotiki ili mtoto alale usiku huo amenunua kitu kisichofanya kazi hiyo.

Lakini kusubiri si kukaa tu. Kusubiri kunakoelezwa na madaktari kuna masharti yake. Mtoto awe ameonwa na mhudumu aliyemtazama sikio ndani kwa kifaa chenye taa. Apewe dawa ya maumivu kwa kipimo cha uzito wake. Na pawe na siku na saa iliyotajwa ya kurudi, kwa kawaida kati ya saa 48 na 72 tangu maumivu yalipoanza. Kukikosekana mojawapo, hasa hilo la kurudi, huko ni kubahatisha.

Kuna pia watoto ambao hawafai kusubirishwa kabisa. Mtoto wa chini ya miezi 6 apewe dawa mara moja. Mwenye miezi 6 hadi miaka 2 ambaye masikio yote mawili yameingia ugonjwa, naye apewe. Mtoto wa umri wowote ambaye homa imefika nyuzi 39 au zaidi, au maumivu ni makali au yamepita saa 48, au sikio linatoka usaha, asisubirishwe. Na yule ambaye mwili wake una udhaifu mwingine, kama mwenye seli mundu, ugonjwa tulio nao sana hapa pwani, au mwenye virusi vya ukimwi, au aliyedhoofika kwa lishe duni, ni wa kutibiwa mapema. Anayebaki katika kundi la kusubiri ni mtoto aliyevuka miaka 2, asiye na homa kali, ambaye maumivu yake yanatulia kwa dawa. Na yule wa miezi 6 hadi miaka 2 mwenye sikio moja tu na dalili nyepesi.

Hapa niseme neno kwa ajili ya wauguzi wetu wa zahanati. Mwongozo wa kutibu watoto wagonjwa wanaoufuata unasema mtoto mwenye maumivu ya sikio, au usaha uliotoka kwa chini ya siku 14, apewe antibiotiki siku 5. Kwa hivyo muuguzi wa zahanati akikupa dawa, hajakosea. Mwongozo huo uliandikwa kwa mahali ambapo huenda hakuna kifaa cha kutazama sikio, na mama ametembea saa mbili na huenda asirudi tena. Kusubiri ni kwa anayeweza kurudi. Anayeishi Majengo, hatua chache kutoka kwa daktari, ana nafasi hiyo. Anayetoka kisiwani kwa mashua, na upepo wa kusi unavuma, pengine hana, na ni busara atibiwe siku hiyo hiyo.

Tuchukue mfano mmoja tuufuate hatua kwa hatua. Mtoto wa kike wa miaka 4, kilo 16, ana mafua tangu Jumanne. Ijumaa saa nne usiku anaamka akilia, ameshika sikio la kulia. Kipimajoto kinasoma 38.3. Mama anampa parasetamoli ya maji. Kipimo cha mtoto ni miligramu 15 kwa kila kilo moja, kwa hivyo kilo 16 ni miligramu 240. Chupa nyingi madukani zina miligramu 120 katika kila mililita 5, basi anahitaji mililita 10. Anaweza kurudia kila baada ya saa 6, isizidi mara nne kwa siku moja. Ajabu ni wangapi hupewa kijiko kimoja kidogo cha mililita 5, mtoto akaendelea kulia, na mzazi akaamini dawa ya maumivu haifai na lazima itafutwe iliyo kali zaidi. Kilichokosekana ni nusu ya kipimo.

Jumamosi asubuhi mtoto ameamka, amekula mahamri, analalamika kidogo tu. Kliniki wanamtazama: kiwambo cha sikio la kulia ni chekundu na kimevimba kuja nje, hakina tundu, sikio la kushoto ni zima, malaria hakuna. Umri umepita miaka 2, homa haijafika 39, maumivu yanatulia. Huyu ni wa kusubiri. Wanakubaliana parasetamoli iendelee, na mama arudi Jumatatu asubuhi mtoto akiwa bado anaumwa, au arudi wakati wowote kabla ya hapo hali ikibadilika. Kliniki nyingine humpa mama karatasi ya dawa aiweke, akanunue tu akiona hali haitulii. Huo nao ni mpango mzuri, mradi mama ameelezwa vizuri lini aitumie.

Kutoka hapo njia ni mbili. Iliyo ya kawaida ni kwamba kufikia Jumapili jioni maumivu yamekwisha na homa imeondoka. Mtoto anaweza kubaki anasikia kama masikio yameingia maji, maana majimaji huchukua wiki kadhaa kukauka, na kwa wengine hata miezi mitatu. Hilo halihitaji antibiotiki. Mwalimu wa chuoni au wa shule aambiwe tu amketishe mbele. Likipita miezi mitatu bado hasikii vizuri, hapo apimwe usikivu.

Njia ya pili: Jumapili usiku homa imepanda hadi 39.2 na parasetamoli haitulizi tena. Muda wa kusubiri umekwisha. Dawa ya kwanza ni amoksilini, ila kwa kipimo kikubwa: miligramu 80 hadi 90 kwa kila kilo, kwa siku nzima, igawanywe mara mbili. Kwa kilo 16 ni kama miligramu 1300 kwa siku, yaani 650 asubuhi na 650 jioni. Chupa ikiwa na miligramu 250 katika mililita 5, hiyo ni mililita 13 kila mara. Ikiwa ni ile nyepesi ya miligramu 125, ni mililita 26 kila mara.

Sasa linganisha na yanayotokea mitaani. Mama anapewa chupa ya 125 na kuambiwa kijiko kimoja cha mililita 5 mara tatu kwa siku. Hizo ni miligramu 375, chini ya theluthi ya anachohitaji mtoto wa kilo 16. Vijidudu vilivyo dhaifu vinakufa, vilivyo sugu vinabaki. Tena angalia chupa: kwa mililita 26 kwa siku, siku 5 ni mililita 130. Chupa moja ya mililita 100 haitoshi hata ikiwa ni ile nzito. Ukipewa chupa moja ndogo kwa mtoto wa kilo hizo, muulize mtoa dawa akufanyie hesabu mbele yako. Idadi ya siku huamuliwa na daktari, maana wadogo wa chini ya miaka 2 mara nyingi hupewa zaidi ya wakubwa. Na kama mtoto aliwahi kuvimba uso au kukosa pumzi baada ya penisilini, sema kabla dawa haijafunguliwa. Amoksilini ikianza, nafuu ionekane ndani ya saa 48 hadi 72. Isipoonekana, rudi, kwani huenda dawa ikabidi ibadilishwe.

Wakati mwingine kiwambo hupasuka kabla hujafika popote. Mtoto aliyekuwa analia hutulia ghafla, na asubuhi mto una usaha, pengine na damu kidogo. Wazazi hushtuka, na wana haki, lakini tundu hilo kwa kawaida hujiziba lenyewe katika wiki chache. Mtoto aonwe siku hiyo, apewe antibiotiki, na sikio likaushwe. Sokota kipande cha kitambaa safi cha pamba kiwe kama utambi, kiweke mlangoni mwa sikio mpaka kilowe, kitoe, weka kingine, mpaka kitoke kikavu. Fanya hivyo mara tatu kwa siku au zaidi. Usitumie vijiti vya pamba. Usitie mafuta ya nazi ya moto, maziwa ya mama, wala maji ya kitunguu saumu. Najua bibi zetu waliyatumia kwa mapenzi, lakini kiwambo kikiwa na tundu, kila utiacho nje kinaingia hadi ndani. Baharini asiogelee mpaka aambiwe kumepona. Usaha ukiendelea siku 14 au zaidi, huo umeshakuwa ugonjwa mwingine, sugu, unaotibiwa kwa kukausha na kwa matone maalumu ya antibiotiki. Kurudia chupa za amoksilini hakuusaidii, na kila mwezi unaopita unakula usikivu wa mtoto.

Na sasa lililo zito. Pitisha kidole nyuma ya sikio lako, utagusa mfupa mgumu uliotokeza. Ndani yake una vijumba vya hewa kama sega la nyuki, na vijumba hivyo vimeungana na chumba cha sikio. Usaha ukivunja njia kuingia humo, mfupa unaanza kuoza, na jirani yake wa karibu ni ubongo. Dalili yake mzazi anaweza kuiona bila kifaa chochote. Msimamishe mtoto, mtazame kwa nyuma, linganisha masikio mawili. Sikio bovu likiwa limesukumwa mbele na chini kuliko jingine, mkunjo ulio nyuma yake umepotea, na ukigusa pale mtoto anaruka kwa maumivu, ni hospitali siku hiyo hiyo, hata ikiwa ni usiku. Hospitali iwe kubwa, yenye uwezo wa kulaza, kumpa dawa ya mshipa na kumfanyia upasuaji ikibidi. Fanya hivyo pia ukiona shingo imekakamaa, anatapika mfululizo na kichwa kinamuuma vikali, anasinzia usingizi usio wa kawaida, amepata degedege, anayumba akitembea, au upande mmoja wa uso umelegea, jicho halifungi na mdomo umekwenda upande. Tazama hivyo kila siku hata akiwa ameshaanza antibiotiki, kwani dawa hupunguza hatari hiyo lakini haiifuti.

Mafua hayo hayo yanayoziba mrija wa sikio huziba pia milango ya sainasi, vile vyumba vya hewa vilivyo kwenye mashavu, kati ya macho na juu ya nyusi. Hapa wanaosumbuka zaidi ni watu wazima, na hapa ndipo antibiotiki hupotea bure kuliko mahali pengine. Katika mafua 100, yasiyozidi mawili hivi ndiyo hugeuka kuwa ugonjwa wa bakteria kwenye sainasi. Mengine yote ni virusi, na virusi haviguswi na amoksilini. Wengi huamini kamasi ikigeuka kijani au njano basi bakteria wameingia. Sivyo. Kamasi hubadilika rangi katika mafua ya kawaida pia, kwa sababu ya chembe za kinga za mwili zinazofia humo.

Kinachoonyesha bakteria ni mwendo wa siku. Mafua hufika kilele siku ya tatu hadi ya tano, kisha hushuka. Yakipita siku 10 bila nafuu yoyote, au yakishuka kisha siku ya sita hivi homa, kamasi na maumivu ya uso yakarudi kwa nguvu, au yakianza moja kwa moja na homa ya 39 pamoja na kamasi ya usaha na maumivu ya uso kwa siku tatu au nne mfululizo, hapo kuna sababu ya kumwona daktari kuhusu antibiotiki. Hata hapo, mtu mzima mwenye afya ambaye hali si kali anaweza kukubaliana na daktari kungoja wiki moja zaidi. Picha ya eksirei haimsaidii mtu katika uamuzi huu, maana mafua ya kawaida pia huzijaza sainasi.

Wakati wa kusubiri, safisha pua kwa maji ya chumvi: nusu kijiko cha chai cha chumvi katika glasi moja ya maji yaliyochemshwa yakapoa. Yasiwe ya bomba wala ya kisima moja kwa moja, kwa sababu maji mabichi yakiingizwa puani yanaweza kubeba vijidudu ambavyo tumbo lingeviua lakini pua haiwezi. Dawa za kunyunyiza za kufungua pua zisipite siku 5, ama sivyo pua huzizoea na kuziba zaidi zikiachwa.

Hatari kubwa ya sainasi iko machoni, na hapo watoto ndio wa kuangaliwa zaidi. Kati ya sainasi zilizo baina ya macho na jicho lenyewe kuna ukuta wa mfupa mwembamba kama karatasi. Mtoto mwenye mafua akiamka kope moja limevimba na ni jekundu, wengi hudhani ameumwa na mbu au ni chokea. Mwambie afuate kidole chako kwa macho, juu, chini, kushoto, kulia. Jicho likiuma likizunguka, au haliendi sawa na jingine, au limetokeza nje, au anasema anaona vitu viwili viwili, usaha umeshavuka ukuta ule, na zimebaki saa, si siku, kuokoa uoni wake. Hata kama jicho lenyewe linaonekana zima, kope lililovimba pamoja na homa na mafua lionwe siku hiyo. Vivyo hivyo uvimbe laini unaotokea katikati ya paji la uso kwa mtoto mkubwa au kijana mwenye maumivu makali ya kichwa. Ukifika hospitali, anza kwa kusema jicho au paji, kisha ndipo utaje mafua. Ukianza na mafua, utaketishwa kwenye foleni.